Je, Kweli Mbili Zaweza Kuzaa Uongo Mmoja?

Tunapojadili uongo darasani, mifano yetu huwa myepesi mno. Mtu anaweka picha ya ndege inayowaka moto juu ya video isiyo na ndege wala moto. Mwingine anaandika kwamba rais amejiuzulu, na ukifungua unamkuta kijana ameketi sebuleni akirudia uvumi. Hapo hakuna swali la falsafa. Ni uongo, na hata YouTube wenyewe wanaukataza: kanuni zao haziruhusu kichwa au kijipicha kinachomfanya mtazamaji aamini kwamba atakuta ndani kitu ambacho hakimo, na Desemba 2024 walitangaza kwamba wangeanza huko India kuzikaza kanuni hizo, hasa kwa video zinazodai kuwa na habari za siku.

Swali linalonisumbua ni jingine. Tuseme kijipicha, ile picha ndogo inayoonekana kabla mtu hajabofya, kimetolewa ndani ya video yenyewe na hakikuchorwa wala kuongezwa kitu. Tuseme pia kichwa ni maneno ambayo mhusika aliyasema kwa kinywa chake. Picha ni ya kweli na maneno ni ya kweli. Hata hivyo mtazamaji akiviona pamoja anaamini jambo ambalo halikutokea. Je, amedanganywa? Na kama amedanganywa, uongo huo umekaa wapi?

Sikulipata swali hili vitabuni. Mwaka jana, sisi wanafunzi wanne wa Bujumbura tulitengeneza video ya dakika 11 na sekunde 40 kuhusu mama mmoja wa Rumonge, mwambao wa Ziwa Tanganyika, anayekausha mukeke kwa moshi. Kwa miaka kumi mama huyu alikuwa na nyavu zake, akizikodisha kwa wavuvi. Usiku mmoja upepo ukavuma, mtumbwi ukarudi na watu wote salama, lakini nyavu zikapotelea ziwani. Hakununua nyingine. Akaanza kununua samaki kwa wavuvi wengine, kuwabanika juu ya uchanja na kuwauza wakavu. Video inamfuata siku moja nzima, kuanzia alfajiri anapopatana bei ufukweni hadi jioni anapopanga samaki kwenye vikapu.

Video ilipokamilika, ikabaki kazi ya kijipicha na kichwa, na hapo ndipo tulipogombana. Mwenzetu aliyehariri alikuja na pendekezo ambalo, nakiri, lilivutia kuliko yote. Katika dakika ya tatu mama anainama kuchochea kuni, moshi unampiga usoni, na machozi mawili yanamtiririka shavuni. Mwenzetu alichukua picha hiyo. Katika dakika ya tisa mama anasimulia habari ya nyavu na kusema, “Ziwa lilininyang’anya kila kitu.” Mwenzetu akayafanya maneno hayo kuwa kichwa, akayawekea alama za kunukuu kama tulivyofundishwa.

Nilipomwambia kwamba hili ni udanganyifu alinijibu kwa utulivu, na jibu lake lilinipa kazi ya wiki nzima. Aliniuliza: “Nionyeshe neno la uongo. Alilia au hakulia? Alisema au hakusema?”

Alilia. Alisema. Sikuwa na neno la kumwonyesha.

Tuliamua kufanya jaribio dogo ambalo watengenezaji wengi wa video hulifanya, nalo halihitaji mtambo wowote. Unakichukua kijipicha na kichwa, unaviweka kwenye simu kwa ukubwa ule ule vitakavyoonekana, unamwonyesha mtu asiyeijua video kwa sekunde mbili au tatu, kisha unaifunika simu na kumuuliza swali moja tu: “Unatarajia kuona nini?” Humuulizi kama amependa, wala humuulizi kama angebofya. Unayaandika maneno yake jinsi yalivyo. Tuliwauliza wanafunzi sita wa kitivo kingine. Wanne walisema mama amefiwa na mume au mtoto aliyezama. Mmoja alitaja mafuriko ya Gatumba, na hakuwa mjinga kwa kusema hivyo, kwa kuwa sote tumeona katika miaka hii jinsi maji ya ziwa yalivyopanda na kuwahamisha watu. Wa sita alisema hajui, ila ni habari ya huzuni. Hakuna aliyetaja nyavu. Hakuna aliyetaja samaki.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililolipata ni kwamba mwenzetu aliitafuta kweli mahali pasipofaa. Aliipima picha peke yake, ikafaulu. Akakipima kichwa peke yake, kikafaulu. Mtazamaji hapimi hivyo. Jicho linaona machozi, sekunde hiyo hiyo linasoma “ziwa” na “kila kitu”, na akili inauliza: machozi haya ni ya nini? Jibu lililo karibu ni maneno yaliyo chini ya picha. Hivyo maneno yanakuwa sababu ya machozi, na machozi yanakuwa kipimo cha ukubwa wa maneno. Sentensi ya tatu inazaliwa, nayo haikuandikwa popote: “Mama huyu analia kwa sababu ya kile ziwa lilichomfanyia.” Sentensi hiyo ni ya uongo. Machozi yalitokana na kuni mbichi.

Mtu anaweza kusema kwamba sentensi ya tatu ni ya mtazamaji mwenyewe, kwani ndiye aliyeunganisha. Hoja hii ina wazee wake. Immanuel Kant, katika mihadhara yake ya maadili, alitoa mfano wa mtu anayefunga mizigo yake ili watu wanaomwona wadhani anasafiri. Hasemi neno. Kant aliona kwamba mtu huyo hajasema uongo, kwa sababu watazamaji hawana haki ya kumdai awatangazie nia yake. Wameona mizigo, wamehitimisha wenyewe, na shauri yao.

Naukubali mfano huo kwa mizigo, lakini naona unavunjika mara tu ukihamishiwa kwenye kijipicha. Mizigo ina kazi yake mwenyewe hata kama hakuna jirani anayechungulia. Kijipicha hakina kazi nyingine duniani isipokuwa kutazamwa na kuhitimishwa. Hakuna anayekitengeneza kwa matumizi yake ya nyumbani. Tunachagua uso, tunakata pembe, tunapima maneno, na kila tunapofanya hivyo tunajiuliza mtazamaji atadhani nini. Ukishalijua hitimisho lake kabla hajalifikia, na ukalipanga alifikie, huwezi tena kumwambia kwamba ni lake peke yake. Sisi, baada ya lile jaribio la watu sita, tulikuwa tunalijua kabisa.

Kuna jambo jingine nililoligundua nilipoirudia video yenyewe. Katika fremu kamili, upande wa kushoto wa uso wa mama, uchanja unaonekana pamoja na moshi ukipanda. Anayeiona fremu ile nzima anaelewa mara moja kwa nini macho yanamtoka machozi. Mwenzetu hakuongeza kitu, ni kweli, lakini aliukata upande ule wa kushoto ili uso ujaze picha. Tumezoea kuogopa picha zilizoongezwa vitu, kumbe kisu kinaweza kudanganya kuliko brashi. Sioni ubaya wa kuongeza mwanga katika picha iliyofifia kwa moshi, ikiwa lengo ni kumwonyesha mtazamaji kile ambacho mtu aliyesimama pale angekiona kwa macho yake. Ila kukata sababu na kubakiza matokeo ni kubadili habari, hata kama kila pikseli iliyobaki ni halisi.

Nikapendekeza basi tuirudishe fremu nzima, uchanja na moshi viwemo. Haikusaidia, na sababu yake ni ya kiufundi tu. Kijipicha chetu tulikitengeneza kwa upana wa pikseli 1280 na kimo cha 720, na tulikuwa tunakitazama kwenye kompyuta ya maktaba ambako kila kijiti cha kuni kinahesabika. Kwenye simu, kikiwa kimepangwa katika orodha ya video nyingine, kinakuwa na upana wa vidole viwili au vitatu. Moshi, ambao ni kijivu juu ya kijivu, ulipotea kabisa. Uchanja ukawa doa jeusi. Kilichobaki kinaonekana ni kile ambacho jicho la binadamu hukitafuta kwanza, yaani uso, na juu yake ule mng’aro wa machozi. Kupunguza ukubwa kulikuwa kumekata picha kwa mara ya pili bila mkono wa mtu. Hivyo ukweli wa kijipicha hauwezi kukaguliwa kwenye skrini kubwa. Ni lazima ukaguliwe kwa ukubwa ule ambao mtazamaji atakiona, kwa sababu kile kisichoonekana kwa ukubwa huo hakimo.

Kichwa nacho kina kisu chake. YouTube inaruhusu kichwa chenye herufi, nafasi na alama zisizozidi 100, lakini katika orodha nyingi, hasa za simu, mwisho wake hukatwa na kuwekewa vitone. Tulipokuwa tunatafuta maelewano, mmoja wetu aliandika kichwa hiki: “Miaka kumi ya jasho la mama wa Rumonge: ziwa lilimnyang’anya kila kitu alichowekeza katika nyavu”. Kina herufi, nafasi na alama 96, kinaruhusiwa, na ukikisoma chote hakina kosa, kwani kinasema wazi kwamba kilichopotea ni mali iliyokuwa katika nyavu. Lakini hesabu: maneno “kila kitu” yanaishia kwenye nafasi ya 70. Simu ikikata hapo, mtazamaji anabaki na “ziwa lilimnyang’anya kila kitu…” na tumerudi kule kule kwenye msiba. Ukweli wote ulikuwa umewekwa mkiani, na mkia ndio unaokatwa. Aliyekiandika alikuwa na nia njema kabisa. Tangu hapo sikisomi kichwa chochote kabla ya kukifunika nusu ya pili kwa kidole na kujiuliza kama nusu ya kwanza bado inasema kweli.

Mpaka hapa mtu aweza kudhani nataka vichwa vya kikavu, kama vile “Ukaushaji wa Mukeke kwa Moshi katika Mwambao wa Rumonge”. Hicho kilikuwa pendekezo langu la kwanza na walinicheka, na walikuwa na haki. Mhadhiri wa uvuvi angekifungua akitarajia kujua aina za kuni, joto la moto na siku ambazo samaki hukaa bila kuoza. Katika video yetu mambo hayo yanachukua kama dakika tatu. Zilizobaki ni habari za mwanamke aliyepoteza mtaji na kubadili kazi. Kichwa kile kikavu kilikuwa kinaahidi somo ambalo halimo, na kumficha mtu ambaye yumo. Ukosefu wa mvuto hauthibitishi uaminifu. Sijui kwa nini sisi wasomi tunapenda kuamini kwamba unathibitisha.

Derek Muller, mwenye chaneli ya sayansi ya Veritasium, alilizungumzia jambo hili mwaka 2021 katika video nzima. Mfano wake mmoja ni video kuhusu mpira wa kikapu uliodondoshwa kutoka ukuta wa bwawa huko Tasmania, ukizungushwa kidogo, nao ukapaa mbali na ukuta badala ya kuanguka wima. Kichwa cha awali kilitaja jina la kanuni ya fizikia inayohusika. Baadaye akakibadili, kikataja mpira na bwawa. Vyote viwili ni vya kweli. Cha pili kinamtajia mtu kitu anachoweza kukiona akilini kabla hajabofya, cha kwanza kinamtajia jina analolijua yule tu ambaye tayari amesoma somo hilo. Sioni dhambi yoyote katika badiliko hilo, kwa sababu anayekuja kuona mpira anauona mpira, kisha anaondoka na fizikia juu yake.

Hapo ndipo nilipoona tofauti niliyokuwa naitafuta. Kuficha si sawa na kupotosha. Watu wetu wameijua tofauti hii tangu zamani katika vitendawili. Mtegaji anasema “Kitendawili!”, hadhira inaitika “Tega!”, na kuanzia hapo ana ruhusa kamili ya kuficha. Hana ruhusa ya kutoa jibu lisiloenea katika kitendawili chake. Akitega nyumba isiyo na mlango, hadhira ikashindwa na kumpa mji, kisha akasema jibu ni mbuzi, watamzomea. Akisema ni yai, wanacheka, kwa sababu wakirudi nyuma kwenye maneno yake wanaona kila neno linakaa mahali pake. Kichwa kizuri kinaweza kumwacha mtu na swali. Sharti ni kwamba swali lile lile aliloingia nalo ndilo video inalolijibu, na kwamba akikitazama tena kijipicha baada ya kumaliza, asione kuwa kilikuwa kinamwonyesha kitu kingine.

Mwenzetu alikuwa bado na hoja moja, nayo nilikuwa nimeisikia kwa wengi. Alisema hatuna haja ya kusumbuana na maadili, kwani mtambo utatuhukumu. Tangu mwaka 2012 YouTube waliacha kutegemea idadi ya mibofyo peke yake katika kupendekeza video, wakaanza kutazama muda ambao watu wanakaa wakitazama. Ukidanganya, watu watabofya na kutoka, grafu itaanguka, video itazama. Anayesema kweli ndiye atakayefaidi. Basi tujaribu tu, tuone.

Sehemu ya hoja hiyo ni ya kweli na inafaa kujulikana. Katika takwimu za video, YouTube humwonyesha mwenye chaneli asilimia ya watu waliobaki kwenye sekunde ya 30. Kijipicha kikivutia wengi na wengi wao wakawa wameondoka kabla ya sekunde hiyo, kuna uwezekano mkubwa kwamba waliona haraka kuwa hiki sicho walichoitiwa. Kiwango cha kubofya peke yake hakisemi hivyo. YouTube wenyewe wanaeleza kwamba nusu ya chaneli na video zote ziko kati ya asilimia 2 na 10, na mtu anaweza kuwa juu katika kipimo hicho kwa kuwakasirisha watu. Ni vipimo viwili vikisomwa pamoja vinavyomwonyesha mtengenezaji kwamba ahadi yake na video yake haviendani.

Lakini uongo wa mwenzetu haukuwa wa namna hiyo. Fikiria mtazamaji aliyekuja kwa ajili ya msiba. Anafungua, anamkuta mama yule yule, ziwa lile lile. Hana sababu ya kutoka. Anasema moyoni, watafika tu kwenye habari yenyewe. Anatazama bei zikipatanwa, anatazama kuni, anafika dakika ya tatu, anayaona machozi na moshi, labda anaanza kushuku, lakini maneno kuhusu ziwa bado hajayasikia, kwa hiyo anaendelea kungoja. Anayasikia dakika ya tisa. Dakika zote hizo tisa mtambo umeziandika kama muda wa kutazama, na mtambo hauna namna ya kujua kwamba alikuwa anangoja maiti. Kungoja na kufurahia vinaandikwa kwa wino mmoja. Kadiri uongo unavyofanana na video, ndivyo kipimo hiki kinavyoushindwa.

Tena hata kama mtambo ungekuwa unaona kila kitu, bado ningebaki na shaka na hoja yenyewe. Kant huyo huyo, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, anamtaja mwenye duka asiyempunja mtoto kwa sababu anajua kwamba sifa mbaya itamharibia biashara. Bei ni halali, lakini kinacholinda bei hiyo ni hesabu ya faida tu. Mwenzetu alikuwa tayari kusema kweli iwapo grafu ingemwambia aseme kweli. Nilimuuliza angefanyaje kama grafu ingesema kinyume. Akasema, kwa uaminifu ninaoupenda kwake, kwamba hajui.

Aliyetukatia shauri ni mama mwenyewe. Tulirudi Rumonge na simu yenye vijipicha vitatu, kwa sababu mmoja wetu alisisitiza kwamba uso ni wake. Alivitazama kwa makini, akatusomesha vichwa kwa sauti, maana maandishi yalikuwa madogo kwa macho yake. Kwenye kile cha machozi akanyamaza kidogo.

“Wanangu, huyu amefiwa na nani?”

Mwenzetu akamweleza kwamba hakuna aliyefiwa, kwamba ni picha ya siku ile anachochea kuni.

“Nina dada yangu Kigoma na watoto wa ndugu Uvira,” akasema. “Wakiliona hili kwenye simu watanipigia kunipa pole. Wengine watachanga. Mimi sina msiba. Nina moshi machoni.”

Naliona jambo hili kuwa zito kuliko yote tuliyokuwa tumeyajadili, na vitabu nilivyovisoma kuhusu uongo havikunitayarisha kwalo. Vitabu vinamfikiria msemaji na msikilizaji. Kijipicha kina mtu wa tatu, yule aliye ndani ya picha, ambaye hakusema uongo wowote na ndiye atakayeulizwa. Mtazamaji aliyedanganywa anapoteza dakika chache na kwenda zake. Mama angebaki na msiba usio wake, akiueleza kwa simu moja baada ya nyingine, na huenda akalazimika kurudisha michango. Na kuna wa nne: yule ambaye kweli amezamiwa na mtu katika ziwa lile lile, akabofya akitafuta mwenzake wa kulia naye.

Tulirudi kwenye video tukiwa na swali jipya, si lipi litavutia, bali video hii inajibu swali gani. Ilituchukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Inajibu swali la mtu aliyepoteza mtaji wake: baada ya hapo alifanya nini? Kichwa tulichokiandika ni “Nyavu zake zilichukuliwa na ziwa, akageukia moshi”. Kina herufi, nafasi na alama 49, neno linalotaja hasara limekaa mwanzoni kabisa, na hata simu ikikikata baada ya “ziwa”, anayesoma anajua kilichopotea ni nyavu. Kinaficha jambo moja, yaani kugeukia moshi ni kufanya nini, na video inalijibu.

Kwa kijipicha tuliacha uso. Tulichukua fremu ya mchana ambapo mama anashika mukeke mkavu kwa mikono miwili na kumvunja ili kumwonyesha mnunuzi jinsi alivyokauka mpaka ndani. Mikono ni mikubwa katika picha, samaki ana rangi ya dhahabu iliyoungua, na nyuma yake kuna weupe wa moshi ambao safari hii unasaidia kwa kuwa mikono ni myeusi juu yake. Tuliongeza mwanga kidogo. Tulisogeza samaki kutoka pembe ya chini kulia, kwa kuwa hapo YouTube huweka urefu wa video na pangefunikwa. Hatukuandika maneno juu ya picha, maana kichwa kiko chini yake na kurudia kungekula nafasi ya samaki. Tulitengeneza pia cha pili, mama akiwa amesimama ufukweni mbele ya mitumbwi, na tukavishindanisha kwa chombo cha YouTube kinachoruhusu kujaribu vijipicha hadi vitatu na kuvilinganisha kwa muda wa kutazama. Baada ya wiki mbili kikatuambia hakuna mshindi. Kwa chaneli ndogo kama yetu watazamaji hawatoshi kutoa jibu, kwa hiyo anayengoja mtambo umwamulie atangoja sana.

Tulirudia pia jaribio la watu sita, tukitafuta sita wapya. Watatu walitarajia habari ya mvuvi aliyebadili kazi, wawili walisema ni mapishi au biashara ya samaki, na mmoja, kwa sababu ya neno “ziwa”, akataja tena mafuriko. Mwenzetu akanitazama kwa furaha na kuniuliza kama huyo wa mafuriko naye tumemdanganya.

Nilikaa na swali hilo siku mbili, na jibu nililompa ni la kupima, si la kanuni. Tuliifungua video tukatazama ni wapi mtu huyo atarekebishwa. Kwenye sekunde ya 20 mama yuko ufukweni anapatana bei, na sauti ya msimulizi inasema kwamba hana nyavu tena tangu zilipochukuliwa na upepo usiku ule. Kwa hiyo aliyekuja kwa ajili ya mafuriko anajua kabla ya nusu dakika kwamba si mafuriko, na mlango uko wazi. Kwa kile cha machozi angengoja hadi dakika ya tisa. Mwenzetu alisema huo ni umbali tu, si tofauti ya aina. Mpaka leo tunalibishania hilo tukikutana kantini, lakini kijipicha cha mikono ndicho kilichobaki.